Blogu imeingiza shilingi ngapi?

Meneja anayelipia blogu hujali zaidi fedha yake imerudi kiasi gani kuliko idadi ya waliofungua ukurasa. Hata hivyo, ripoti nyingi za mwezi huanza na idadi hiyo.

Tuchukue mfano wa duka la Morogoro linalouza pampu za maji za sola. Kwa mwezi linamlipa mwandishi 600,000, picha na tovuti 100,000, na muda wa mhasibu anayepitia makala ni kama 200,000. Muda huo wa mfanyakazi ndio husahaulika mara nyingi. Jumla ni 900,000.

Wateja waliotokea kwenye blogu wamenunua pampu za 9,000,000. Ukipiga hesabu kwa mauzo hayo, utaandika faida ya asilimia 900, na meneja anayejua bei ya kununulia mzigo hataamini ukurasa wa pili. Toa kwanza gharama za bidhaa na usafiri. Tuseme kinachobaki ni 1,800,000. Ondoa 900,000 za blogu, gawanya kwa 900,000: asilimia 100. Hiyo ndiyo namba ya kuweka juu kabisa.

Ugumu uko kwenye kujua nani katokea wapi. Mkulima husoma makala kwenye simu, kisha hupiga au kuandika WhatsApp, na hapo Google Analytics hupoteza nyayo zake. Dawa nyepesi ni kuweka mwishoni mwa kila makala kiungo chenye ujumbe wake, ukijaza namba ya duka palipo na X:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nimesoma%20makala%20ya%20kisima
```

Akibonyeza, ujumbe unajiandika wenyewe, naye anautuma tu. Wanaopiga simu waulizwe walilijulia wapi duka, na jibu liandikwe kwenye daftari la mauzo siku hiyohiyo. Wengine watafuta ujumbe au watasahau walichosoma, kwa hiyo hesabu itapungua kidogo. Liseme hilo kwenye ripoti.

Kuna pia suala la msimu. Aliyesoma Machi huenda akanunua Agosti, baada ya kuuza mavuno. Mwezi mmoja pekee utaonyesha hasara isiyokuwepo, au faida iliyotokana na makala za zamani. Mimi huweka jumla ya miezi 6 kando ya mwezi husika, na sijaona njia iliyo bora zaidi kwa biashara inayofuata mvua.

Baada ya fedha, linganisha makala mbili. Ya kilimo cha matikiti imesomwa mara 4,000 bila kuleta hata swali moja. Ya kuchagua pampu kwa kisima cha mita 40 imesomwa mara 260 na kuleta maulizo 9. Ripoti ya ukurasa mmoja inatosha, na mstari wake wa mwisho uwe ombi linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana: mwezi ujao tuache matikiti, tuandike makala mbili za visima kwa bajeti ileile?