Tukimbie Kwanza ao Tuinue Bido Kwanza?

Siku ya posho asubuhi, mbele ya kwenda soko, sisi wamama saba wa Kadutu, hapa Bukavu, tunakutana kwenye kiwanja cha mupira. Tuko na saa moja tu. Kwa miezi miwili tulifanya mazoezi kwa namna moja: dakika 25 za kuzunguka kiwanja kwa mbio ya polepole, kisha tunainua bido zetu za muchanga. Hakuna aliyeuliza juu ya nini mbio ndiyo inatangulia.

Mimi ndiye nilianza kuuliza. Niko na miaka 52, na nyumba yetu iko chini ya ngazi za udongo zaidi ya 60. Siku moja ya mvua nilishuka na mujukuu mugongoni, goti likalegea, tukaanguka wote wawili. Mutoto hakuumia, lakini usiku ule sikulala. Munganga aliniambia kama mapaja yangu yamekuwa zaifu, na kama yanahitaji mazoezi ya kuinua uzito.

“Wifi,” nilimuambia muke wa kaka yangu, mwenye kuongoza mazoezi yetu, “nikifika ku bido, miguu yangu imekwisha. Sasa mapaja yatapata nguvu wapi?”

“Ni mbio ndiyo inaamusha mwili, wifi,” akanijibu. “Bila kutoka jasho kwanza, utainua nini?”

Basi tukapatana tujaribu, na tuandike yote mu daftari.

Zoezi tulilochagua ni rahisi. Unakamata kifuani bido ya lita 5 iliyojaa muchanga mukavu, ambayo ni karibu kilo 8. Unakaa polepole kwenye benchi, kisha unasimama bila kujisukuma kwa mikono. Unafanya hivyo mara 10, unapumzika dakika 2, kisha unarudilia, mupaka zamu 3.

Siku ya posho ya kwanza nilikimbia mbele. Zamu ya kwanza nilisimama mara 10, ya pili mara 8, ya tatu mara 5. Katika zamu ile ya tatu wifi aliona magoti yangu yanaingia ndani na visigino vinaachana na udongo. Siku ya posho iliyofuata nilianza na bido: mara 10, mara 10, mara 9, na magoti yalibakia yameelekea vidole vya miguu. Kwa hiyo ni mara 29 kuliko mara 23, kwa mwili ule ule na bido ile ile. Lakini kisha bido, mbio yangu ilishuka: nilizunguka kiwanja mara 8 na si mara 9 kama kawaida.

Jaribio la mutu mumoja ni kidogo, lakini linapatana na mambo ambayo wafundishaji wa mazoezi wanajua. Zoezi linalokuja mbele linapata mwili wenye nguvu mupya; linalofuata linapata mabaki. Mbio inatumia sukari iliyowekwa akiba ndani ya mapaja, na inachokesha pia mishipa inayopeleka amri kwenye miguu. Ukiinua uzito kisha hapo, unafanya mara chache, tena vibaya, na mapaja hayapati kazi ya kutosha ili yaongezeke nguvu. Wiki moja haionyeshi kitu, lakini miezi inaonyesha: wenye kuanza na uzito wanapata nguvu ya miguu kidogo zaidi. Mikono haiguswi sana na jambo hili, kwa sababu haikukimbia. Kuvuta bido kuelekea mbavu ao kuisukuma juu ya kichwa unaweza kufanya hata kisha mbio.

Basi, ni nini itangulie? Inategemea kitu unachotafuta.

Kama unatafuta nguvu, kama mimi na ngazi zangu, anza na uzito wa miguu. Mbio ao kutembea haraka kwenye mupando kunafuata.

Wifi yangu yeye anatafuta kingine: anajitayarisha kwa mashindano ya kilometa 10. Kwake, mbio inatangulia. Kwa pumzi peke yake, kisha miezi, tofauti ya kuanza na hiki ao kile ni ndogo sana. Lakini mwendo wa mashindano unajifunza ukiwa na miguu yenye nguvu. Kisha kukaa na kusimama na bido mara 30, mutu anakanyaga kwa uzito, hatua zinakuwa fupi, na ni hapo anaweza kujiumiza.

Jirani yetu aliuliza juu ya kupunguza tumbo. Kwake tulijibu kama haibadilishe kitu. Wengine wanasema ukiinua uzito kwanza, mbio inachoma mafuta zaidi. Hata kama kwa ile nusu saa inaweza kuwa hivyo, mwili unasawazisha hesabu mu siku nzima. Kinachohesabika ni kazi yote uliyofanya mu wiki, na chakula. Yeye huwa anakimbilia soko mbele ya kumaliza, na kila mara bido ndizo zinaachwa. Basi tulimuambia aanze na bido, kwa sababu lile zoezi unalopenda kuruka ndilo linapaswa kukaa mbele.

Mama anayetumia sindano za insilini kwa ugonjwa wa sukari ana sababu yake. Mbio inaweza kushusha sukari ya damu haraka. Kuanza na uzito mara nyingi kunasaidia isishuke sana wakati wa mazoezi. Lakini azungumuze kwanza na munganga wake, apime sukari mbele na kisha, na awe na kitu cha sukari mufukoni.

Mambo mawili yanabakia palepale hata ukianza na nini. La kwanza ni kupasha mwili moto. Hapo wifi alikuwa na haki, lakini dakika 5 mupaka 8 za kutembea haraka, kisha kukaa na kusimama bila bido mara 10, zinatosha. Dakika 25 za mbio si kupasha moto tena, ni kazi kamili. La pili ni kutokufunga pumzi unapoinua: pumua nje unaposimama. Kufunga pumzi kunapandisha presha.

Tena tusiongeze hofu. Katika mwaka wa 1980, Mwamerika Robert Hickson alionyesha kama watu waliofanya nguvu na pumzi pamoja waliongezeka nguvu kwa wiki 7, kisha wakasimama, na mu wiki ya 9 na ya 10 nguvu zikashuka. Lakini wale walikuwa wanafanya uzito siku 5 na pumzi siku 6 kila wiki. Sisi wa mara mbili ao tatu mu wiki hatufikie pale. Na mwenye nafasi anaweza kutenganisha: uzito siku moja, mbio siku ingine.

Leo kwenye kiwanja tunapasha mwili moto pamoja, kisha tunagawanyika. Wifi na wawili wengine wanaanza kuzunguka. Sisi wane tunabakia ku benchi na bido. Kisha dakika 25 tunabadilishana. Ni miezi minne sasa. Bido yangu ya kilo 8 nimeipa jirani, nimekamata ya lita 10 iliyojaa muchanga nusu na kitu, karibu kilo 10. Na juzi, mvua ikinyesha, nilishuka ngazi zote na mujukuu mugongoni, mukono mumoja ukishika ukuta. Ukuta bado ninaushika. Lakini goti halikulegea.