Je, Wajua? Morogoro hutambulika bila jina

Picha ya setilaiti isiyo na jina hata moja inaweza kukufikisha Morogoro. Anzia baharini: tafuta Unguja, kisha vuka hadi Bagamoyo, unakomwaga maji Mto Ruvu. Upandishe mto huo kuelekea kusini-magharibi mpaka ukutane na mgongo wa kijani kilichokoza. Hiyo ndiyo Milima ya Uluguru, na mji umejibanza kwenye ncha yake ya kaskazini.

Mawingu yakiifunika milima, kama yafanyavyo mara nyingi upande wa mashariki unaopokea mvua nyingi, tafuta Bwawa la Mindu, kusini-magharibi mwa mji. Usikariri ukingo wake, kwa kuwa kiangazi maji hupungua na umbo hubadilika. Kariri mahali lilipo: likitokea mashariki mwa milima, picha imegeuzwa.