Jumla ya Malipo ya Wafanyakazi: Saa za Kawaida na Saa za Ziada

Maswali ya aina hii huonekana mepesi, na hesabu zake ni za kuzidisha na kujumlisha tu. Hata hivyo watahiniwa wengi hukosa alama hapa, kwa sababu hujumlisha kabla ya kugawa saa za kila mfanyakazi. Katika sehemu hii tutafanya swali moja kwa ukamilifu, kisha tutaona kosa hilo linavyotokea na jinsi ya kuligundua kabla hujakabidhi karatasi.

Saa za kawaida ni zile ambazo mfanyakazi hulipwa kwa kiwango chake cha msingi. Akizidisha hapo, saa zinazobaki ni za ziada, nazo hulipwa kwa kiwango cha juu zaidi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na malipo ya saa ya ziada yasipungue mara moja na nusu ya kiwango cha msingi. Ndiyo maana utaziona namba 45 na 1.5 mara kwa mara. Lakini swali likitoa ukomo mwingine, mathamani saa 40, fuata swali.

Mfano

Karakana ya samani ina wafanyakazi wanne. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na kila saa ya ziada hulipwa mara 1.5 ya kiwango cha kawaida. Tafuta jumla ya malipo ya wiki hii, kabla ya makato yoyote.

| Mfanyakazi | Saa alizofanya | Kiwango kwa saa (sh) |
|---|---|---|
| Fundi mkuu | 52 | 4,000 |
| Seremala | 48 na dakika 30 | 3,000 |
| Mpaka rangi | 45 | 2,400 |
| Msaidizi | 38 | 2,000 |

Jawabu

Anza na fundi mkuu. Kati ya saa 52, saa 45 ni za kawaida na 7 ni za ziada. Kiwango chake cha ziada ni 4,000 × 1.5 = sh 6,000. Basi:

45 × 4,000 = 180,000
7 × 6,000 = 42,000
Malipo yake ni sh 222,000.

Kwa seremala, badili dakika kwanza. Dakika 30 ni nusu saa, kwa hiyo alifanya saa 48.5, siyo 48.30. Saa zake za ziada ni 3.5 na kiwango cha ziada ni sh 4,500:

45 × 3,000 = 135,000
3.5 × 4,500 = 15,750
Malipo yake ni sh 150,750.

Ukiandika 3.3 badala ya 3.5 utapata sh 14,850, na seremala atakuwa amepunjwa sh 900. Saa moja ina dakika 60, kwa hiyo gawanya dakika kwa 60 kila mara.

Mpaka rangi amefikia saa 45 kamili. Hana saa ya ziada hata moja, kwa hiyo anapata 45 × 2,400 = sh 108,000. Msaidizi naye hakufika 45. Tumia saa alizofanya kweli: 38 × 2,000 = sh 76,000. Usimlipe kwa saa 45 ambazo hakufanya, wala usiandike kuwa saa zake za ziada ni −7. Aliyefanya chini ya ukomo ana saa za ziada sifuri.

Jumla ya malipo ni 222,000 + 150,750 + 108,000 + 76,000 = sh 556,750.

Kosa la kuchanganya saa

Sasa tazama anachofanya mtahiniwa mwenye haraka. Anajumlisha saa za wote: 52 + 48.5 + 45 + 38 = 183.5. Kisha anasema, wafanyakazi wanne kwa saa 45 ni saa 180, kwa hiyo saa za ziada ni 3.5. Lakini katika jawabu letu saa za ziada ni 7 + 3.5 = 10.5. Saa 7 zimekwenda wapi? Zimemezwa na msaidizi. Yeye alipungukiwa na saa 7, na upungufu wake ukafuta saa 7 za ziada za fundi mkuu. Kwenye karakana halisi fundi mkuu asingekubali, maana kazi aliifanya yeye na haki ya malipo ni yake. Kwa sababu hiyo saa hugawanywa kwa kila mfanyakazi kwanza, na kinachojumlishwa mwishoni ni fedha.

Kosa hilohilo hutokea kwa wiki. Mtu akifanya saa 50 wiki ya kwanza na saa 40 wiki ya pili, jumla ni 90, nawe unaweza kudhani hana ziada. Kama ukomo uliotolewa ni wa wiki, ana saa 5 za ziada katika wiki ya kwanza na hana katika ya pili; saa zake za kawaida ni 45 + 40 = 85. Soma vizuri kama ukomo ni wa siku, wiki au mwezi, kisha gawanya saa kwa kipindi hicho.

Kuhakiki jawabu

Kiwango cha ziada cha mara 1.5 ni kiwango cha kawaida pamoja na nusu yake. Kwa hiyo unaweza kulipa saa zote kwa kiwango cha kawaida, halafu ukaongeza nusu ya kiwango kwa saa za ziada pekee. Tujaribu:

Saa zote: 208,000 + 145,500 + 108,000 + 76,000 = 537,500
Nyongeza: (7 × 2,000) + (3.5 × 1,500) = 14,000 + 5,250 = 19,250
Jumla: sh 556,750

Njia mbili zimekutana. Zikitofautiana, rudi kwanza kwenye mgawanyo wa saa kabla ya kukagua kuzidisha. Ikiwa saa za ziada zinalipwa mara mbili, nyongeza inakuwa kiwango kizima badala ya nusu.

Swali likigeuzwa

Mtahini anaweza kukupa malipo na kukuuliza saa. Wiki iliyofuata seremala yuleyule alilipwa sh 171,000. Alifanya saa ngapi?

Usigawanye 171,000 kwa 3,000. Utapata 57, jawabu linalochukulia kuwa hakuna kiwango cha ziada. Ondoa kwanza malipo ya saa za kawaida: 171,000 − 135,000 = 36,000. Fedha hizi zote zimetokana na saa za ziada, kwa hiyo 36,000 ÷ 4,500 = 8. Alifanya saa 45 + 8 = 53.

Kama malipo yangekuwa chini ya sh 135,000, hapo hakuna saa za ziada, na kugawanya kwa 3,000 ndiyo njia sahihi.