Gari Linapodai Halioni Ufunguo

Tuseme dada mmoja ana Toyota Mark X ya mwaka 2010, ile ya kuwasha kwa kitufe. Ametoka sokoni Kariakoo na mizigo yake, anashika mkono wa mlango kama kawaida, mlango haufunguki. Anabonyeza rimoti, kimya. Anaisogeza mpaka karibu na kioo na kubonyeza tena, mlango unaitika. Anaingia, anakanyaga breki, anabonyeza kitufe cha kuwashia. Gari linalia pii, taa yenye picha ya ufunguo inamulika kwenye dashibodi, na injini haishtuki. Kijana wa maegesho keshamshauri: "Dada, hili ni la kuvuta."

Si la kuvuta. Kwanza atazame taa na kupiga honi. Taa zikiwaka kwa nguvu zote na honi ikilia vizuri, betri kubwa ya gari haina tatizo. Taa zingefifia kila anapobonyeza kitufe, au angesikia tiki-tiki chini ya boneti, hapo angetafuta waya za kubusti. Hapa kilichochoka ni betri ndogo ya mviringo iliyomo ndani ya ufunguo, ambayo wengi dukani huiita betri ya saa.

Ufunguo wa aina hii hukaa mkobani umelala, sikio wazi. Anayeshika mlango au kubonyeza kitufe huliamsha gari, nalo hutoa wimbi dogo la redio kupitia antena zake. Wimbi hilo halifiki mbali, kiasi cha kama mita moja tu. Ufunguo ukilisikia hujibu kwa redio yake wenyewe, kwa nguvu ya ile betri ndogo. Betri ikidhoofika, jibu linatoka hafifu, na gari lisiposikia jibu linachukulia kwamba ufunguo haumo ndani. Ndiyo maana ugonjwa huu haumwangushi mtu siku moja. Huanza kwa rimoti iliyokuwa ikifungua kutoka upande wa pili wa barabara kudai usogee, halafu kudai ubonyeze mara mbili tatu. Toyota nyingi pia hulia ndani ya gari unapozima injini, kukuonya kwamba betri ya ufunguo inakwisha, na zenye kioo cha maandishi huandika onyo hilo. Kwa bahati mbaya, kwenye gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani onyo huja kwa Kijapani, na mwenye gari huliangalia wiki nzima kama pambo.

Lakini ndani ya ufunguo huohuo mna kitu cha pili ambacho hakihitaji betri kabisa: chipu ndogo yenye namba ya siri ambayo gari linaitambua. Chipu hiyo hupata umeme wake kutoka kwenye gari lenyewe, ikisogezwa karibu sana na koili iliyo kwenye kitufe cha kuwashia. Kwa hiyo dada yetu akanyage breki, aguse kitufe kwa upande wa ufunguo wenye nembo ya Toyota, asikilize mlio na kuona taa ya kitufe ikigeuka kijani, kisha abonyeze kitufe ndani ya sekunde chache. Injini itawaka. Baadhi ya Nissan za zamani zina tundu maalumu la kuchomekea ufunguo kwa kazi hiyohiyo. Kama hata mlango ungekataa, ndani ya ufunguo kuna ufunguo wa chuma unaochomolewa kwa kusukuma kilatchi kidogo. King'ora kinaweza kulia ukifungua hivyo, lakini hunyamaza gari likiutambua ufunguo.

Jaribio hilo la kugusa ni kipimo pia. Gari likiwaka kwa kugusa, chipu ni nzima na mshukiwa ni betri ndogo. Lisipowaka hata kwa kugusa, mwombe mtu asimame nyuma atazame taa za breki. Zisipowaka ukikanyaga, gari halijui kwamba umekanyaga, na hilo ni la swichi ya breki wala si la ufunguo. Zikiwaka na bado gari limegoma, hapo ndipo pa kumtafuta fundi umeme.

Sasa betri. Namba yake imechongwa mgongoni, na inasema kila kitu. Funguo nyingi za Toyota za miaka hiyo hutumia CR1632: 16 ni upana wa milimita 16, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Duka litakuwa na CR2032 tele, ambayo ina upana wa milimita 20 na haiingii kabisa, kwa hiyo hiyo haimdanganyi mtu. Inayodanganya ni CR1620. Upana ni uleule, inaingia vizuri, volti ni tatu zilezile, ila ni nyembamba kwa milimita 1.2. Muuzaji atakunja karatasi ya sigara ajazie. Ufunguo utafanya kazi pale dukani, kisha utakata ukiangushwa au ukikaa vibaya mfukoni. Kosa la upande wa pili ni kulazimisha betri nene mahali pa nyembamba. Hapo vidole vya chuma vinavyoshika betri hupinda, na hata ukirudisha betri sahihi havigusi tena. Kataa pia LIR, ya kuchajiwa, kwa sababu ikijaa hufika volti zaidi ya nne.

Usiamini sana mita ikipima betri iliyotolewa. Betri hizi hushikilia karibu volti tatu mpaka mwisho, kisha huzama pale ufunguo unapodai nguvu ya kutuma jibu. Inayosoma volti 2.9 juu ya meza inaweza kuwa imekwisha.

Kubadilisha hakuchukui muda. Chomoa ufunguo wa chuma, funga kitambaa kwenye ncha ya bisibisi bapa, ingiza kwenye mwanya ulioachwa na usokote taratibu mpaka ganda liachane. Kabla ya kutoa betri ya zamani, angalia upande wenye alama ya kujumlisha umeelekea wapi, au upige picha kwa simu. Ing'oe kwa kijiti au plastiki bila kuvuta vidole vya chuma. Ishike mpya kwa ukingo, ifute kwa kitambaa kikavu, ipachike, bana ganda mpaka lisikike tak. Ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali papo hapo.

Kuna mafundi watakaokuambia kwamba baada ya kubadilisha betri lazima ufunguo "uprogramiwe", na hilo lina bei yake. Kwa karibu magari yote ya aina hii si kweli, kwani namba ya siri hubaki kwenye chipu hata betri ikitolewa usiku kucha.

Betri mpya hudumu mwaka mmoja hadi miwili, hata kwa ufunguo wa akiba unaolala kabatini. Hupungua haraka zaidi ufunguo ukikaa karibu na televisheni, kompyuta au chaja ya simu, kwa sababu mawimbi yao huuamsha bila kazi. Ukiutundika ukutani hatua moja kutoka gari lilipoegeshwa, nao huendelea kuzungumza na gari hilo usiku. Na kama betri ni mpya na sahihi, gari linawaka kwa kugusa lakini si kwa mbali, fungua ganda tena. Mara nyingi betri imelala kichwa chini, au kidole kimoja cha chuma hakijaigusa.