Madoa meusi usoni: Si kila doa ni la jua, na mkorogo si tiba

MADOA ya rangi ya kahawia au nyeusi yanayotokea kwenye mashavu na paji la uso ni jambo la kawaida kwa wanawake wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Wengi huyaita madoa ya jua, wakahitimisha kwamba chanzo ni kushinda shambani, na dawa ni kipodozi chochote kinachong'arisha ngozi. Hitimisho hilo la kwanza lina nusu ya ukweli. La pili limewaharibu wengi.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, doa pana la mashavuni mara nyingi si doa la jua hata kidogo, bali ni hali ambayo wataalamu wa ngozi huiita melasma. Tofauti baina ya hali hizi mbili inaweza kuonekana kwa kioo cha kawaida, mchana, karibu na dirisha. Melasma huja pande zote mbili za uso kwa mfano unaolingana: shavu la kulia na la kushoto, paji la uso, daraja la pua, na juu ya mdomo wa juu. Kingo zake hazikukatika sawasawa, huonekana kama ramani iliyochorwa kwa mkaa kisha ikafutwa kwa kidole. Haiwashi, haiumi, wala haina magamba, na ukiipapasa ngozi ni laini kama sehemu nyingine.

Doa la jua kwa maana yake halisi ni dogo, la mviringo, lenye ukingo unaoonekana wazi, na hutokea popote palipopigwa na jua kwa miaka mingi, ikiwa ni pamoja na migongo ya mikono. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeupe na wenye ualbino. Kwa Waafrika weusi ni nadra. Vile vidutu vidogo vyeusi vilivyoinuka, vinavyoongezeka mashavuni kadiri umri unavyosogea na mara nyingi hurithiwa katika ukoo, navyo si madoa ya jua. Havina madhara, na hakuna krimu inayoviondoa.

Wilaya hizi zina chanzo cha tatu ambacho hakipatikani kila mahali, nacho ni korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mwanamke anayebangua au kukaanga korosho kwa njia za kienyeji, kisha akajifuta jasho usoni kwa mkono ule ule, huweza kupata malengelenge au mwasho. Ngozi nyeusi ikishapata jeraha au mwasho huacha kovu la rangi. Doa la namna hiyo hutambulika kwa historia yake: lilitanguliwa na kuungua, huwa mahali mafuta yalipogusa tu, na kwa kawaida haliko sawa pande zote mbili. Likiachwa bila kuchokozwa hupungua lenyewe, ingawa huchukua miezi. Chunusi zilizokamuliwa nazo huacha alama za aina hiyo hiyo.

Kinachosababisha melasma ni mambo matatu yanayokutana: maumbile ya kurithi, vichocheo vya uzazi vya kike, na mwanga. Chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi huwa zimeamshwa na vichocheo hivyo, na mwanga ukizigusa huzalisha rangi kupita kiasi. Ndiyo sababu hali hii hutokea mara nyingi wakati wa ujauzito, au kwa mwanamke anayetumia vidonge vya majira. Kwa wengi, madoa ya ujauzito hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kwa wengine hubaki. Wanaume nao hupata, ila kwa uchache.

Mwanga unaotajwa hapa si ule unaobabua ngozi pekee. Ngozi nyeusi ina kinga ya asili dhidi ya kubabuka, na kwa sababu hiyo watu wengi huamini kwamba hawana haja ya kujikinga. Lakini chembe za rangi huamshwa pia na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao hupenya mawingu na kioo cha gari. Joto la jiko nalo hutajwa kuwa huchochea. Nachingwea iko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini hasa mara mbili kwa mwaka, karibu na Oktoba 20 na tena karibu na Februari 21. Tarehe ya kwanza huangukia katikati ya msimu wa kuokota korosho, wakati watu wako shambani tangu asubuhi. Mtu anayeona madoa yake yanakolea kila mwisho wa mwaka hajalogwa.

Chukulia mwanamke wa Ruangwa mwenye umri wa miaka 33, ambaye mtoto wake wa pili ana miezi 14. Madoa yalianza akiwa mjamzito, yakafifia kidogo, kisha yakakolea miezi michache baada ya kuanza vidonge vya majira. Saluni wanampa mkorogo kwenye kopo lisilo na maandishi. Ndani ya wiki tatu uso unang'aa na kila mtu anamsifu. Mwezi wa nne mashavu yanakuwa mekundu yakikutana na jua, mishipa midogo inaonekana, chunusi zinafumka, na akiacha kupaka kwa siku mbili uso unawaka moto. Madoa yamerudi, makubwa kuliko mwanzo.

Kilichotokea hakina fumbo. Mikorogo mingi huwa na dawa kali za jamii ya steroidi, kama vile klobetasoli na betamethasoni, ambazo zilitengenezwa kutibu ukurutu kwa muda mfupi. Zikipakwa usoni kwa miezi huikonda ngozi mpaka inashindwa kujilinda. Kiambato kingine ni haidrokwinoni, ambayo huzuia utengenezaji wa rangi. Ikitumiwa kwa miaka bila usimamizi huweza kuacha weusi wa kibluu wenye vipele vidogo, hasa juu ya mifupa ya mashavu, na weusi huo mara nyingi hautoki tena. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975. Kwa masikitiko, mtumiaji akiona weusi huo huongeza dozi.

Cha tatu ni zebaki, inayopatikana katika baadhi ya sabuni na krimu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya wagonjwa wazima waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miguu inayovimba na mkojo wenye povu kwa mtu anayejichubua ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vipodozi vyenye viambato hivi vitatu vimepigwa marufuku nchini. Udhibiti wa vipodozi ulikuwa chini ya TFDA hadi mwaka 2019, ulipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kopo lisilo na orodha ya viambato halina namna ya kukaguliwa na mnunuzi, na hilo peke yake linatosha kulikataa.

Limau nalo lisipakwe usoni. Maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha doa jipya.

Kwa mwanamke wa mfano wetu, hatua ya kwanza ni kuonana na daktari kabla ya kuacha mkorogo ghafla, kwa kuwa aliyetumia steroidi kali kwa miezi huenda akahitaji kushushwa polepole. Ya pili ni kuzungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango. Asiache vidonge kienyeji akapata mimba asiyoitarajia. Kitanzi cha madini ya shaba hakina vichocheo, hivyo hakiwezi kuyalisha madoa.

Ya tatu ni kinga, na bila hiyo dawa yoyote ni kazi bure. Kofia pana yenye ukingo kuzunguka pande zote hufaa kuliko kanga iliyofungwa kichwani, kwa kuwa kanga huacha mashavu wazi. Kazi za juani zikiwezekana zifanywe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Krimu ya kukinga jua iwe na alama ya SPF 30 au zaidi. Kiasi chake kwa uso na shingo ni mistari miwili inayojaza urefu wa kidole cha shahada na cha kati, na irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa melasma, krimu yenye rangi ya kahawia iliyochanganywa na oksidi ya chuma ni bora kuliko ile isiyo na rangi, kwa kuwa oksidi hiyo huzuia pia mwanga unaoonekana. Ni ghali kwa mkulima, hapana ubishi. Asiyeimudu aweke nguvu zake kwenye kofia na kivuli.

Dawa ya kufifisha ambayo ina rekodi nzuri ya usalama ni asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, inayopakwa kwenye madoa asubuhi na jioni. Hata mjamzito anaweza kuandikiwa. Huchoma kidogo siku za mwanzo. Ikiunguza ipakwe siku moja na kuachwa inayofuata, maana mwasho wenyewe huleta weusi. Tretinoini nayo husaidia, lakini haitumiwi na mjamzito. Haidrokwinoni bado hutumiwa na madaktari wa ngozi, kwa kipimo na kwa miezi michache, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kopo la saluni.

Matokeo ya asidi hiyo hayaonekani kabla ya wiki nane hadi 12. Jicho husahau, hivyo ni vyema kupiga picha siku ya kwanza na kila baada ya wiki nne, mahali pale pale na saa ile ile. Sehemu ya rangi iliyozama ndani zaidi ya ngozi hufifia kidogo tu, na melasma hurudi kinga ikilegezwa. Krimu inayoahidi kuyafuta madoa kwa siku saba, basi, ina kitu ambacho hakikuandikwa.

Yako madoa yasiyostahili kusubiri wiki 12. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa maeneo ambako ukoma bado hugunduliwa, na baka lake huwa limepauka au lina wekundu, tofauti na weusi wa melasma, na hupoteza hisia. Mgonjwa afumbe macho, aguswe kwa ncha ya pamba juu ya baka na kando yake. Asipohisi juu ya baka, aende kituo cha afya, ambako matibabu ya ukoma hutolewa bure. Kwa mtu mwenye ualbino, doa la jua lenye magamba, linalokwaruza kama msasa, au kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, lichunguzwe mapema kwa kuwa huenda ni mwanzo wa saratani. Na kwa yeyote, doa moja linalokua upande mmoja tu, linalobadilika rangi au kutoa damu, haliingii katika habari ya melasma na linahitaji macho ya daktari.