Kiungo Kimoja kwa Jirani Mmoja

Tuseme mama mmoja wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, anaongoza likelemba ya watu 12. Daftari limemchosha, kwa hiyo ameweka kwenye simu programu inayohesabu zamu na michango. Nafasi moja imebaki wazi na anamtaka jirani yake aijaze. Anabonyeza “Alika”. Programu inaweza kuomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu yake, kisha ikazitumia ujumbe kwa jina lake: fundi wa bomba, mwenye nyumba, hata marehemu mjomba ambaye namba yake sasa inashikwa na mtu mwingine. Ama inaweza kumpa kiungo, halafu ikanyamaza.

Njia ya kwanza iliipeleka LinkedIn mahakamani huko Marekani, na mwaka 2015 ikakubali kulipa dola milioni 13 kumaliza kesi. Mwaliko wa kwanza haukuwa shida kubwa, kwani jaji aliona watumiaji walikuwa wameuridhia. Kilichowaudhi watu ni vikumbusho viwili vilivyofuata, ambavyo hakuna aliyeombwa idhini yake. Mtu aliyekaa kimya baada ya kualikwa amekwisha kujibu.

M-Pesa ya Kenya, ilipoanza mwaka 2007, ilialika kwa namna nyingine kabisa. Aliyesajiliwa aliweza kumtumia pesa mtu asiyesajiliwa, naye akapokea ujumbe wenye namba ya siri ya kutolea fedha kwa wakala. Mtumaji alilipa ada kubwa zaidi kuliko kama mpokeaji angekuwa amesajiliwa, basi yeye mwenyewe alikuwa na sababu ya kumhimiza ndugu yake ajiunge. Ujumbe ulikwenda kwa mtu mmoja na ulibeba pesa. Sijui mwaliko gani unaweza kushindana na huo.

Likelemba yetu haina pesa ya kutuma, lakini ina nafasi wazi yenye zamu na tarehe. Hiyo ndiyo ya kubebwa na kiungo: jina la kikundi, kiasi cha mchango, nani anaalika. Kitufe cha “Alika” kifungue WhatsApp ikiwa na maneno tayari, mama achague mwenyewe wa kumtumia:

```
https://wa.me/?text=Njoo%20kwenye%20likelemba%20yetu%20https://example.org/j/K7M4QT
```

Kwa kuwa hakuna namba iliyoandikwa baada ya `wa.me/`, WhatsApp humwonyesha orodha ya watu wake. Programu yetu haiioni orodha hiyo hata kidogo. K7M4QT ni alama ya mwaliko, na namba ya simu ya mama haimo ndani yake, maana kiungo kinaweza kusambazwa mpaka kwa wasiomjua.

Jirani akibonyeza, ukurasa mwepesi unamweleza kikundi, kisha unampeleka kwenye duka la Google na alama ileile:

```
https://play.google.com/store/apps/details?id=org.example.likelemba&referrer=kodi%3DK7M4QT
```

Programu ikifunguliwa mara ya kwanza huliuliza duka maneno yaliyofuata `referrer`, na jirani anaingia moja kwa moja kwenye kikundi cha mama. (Ile `%3D` ni alama ya sawasawa iliyofungwa ili isichanganywe na sehemu nyingine za anwani.)

Hapo ndipo Lubumbashi inapoharibu hesabu za wabunifu. Mega ni ghali, kwa hiyo watu hupeana programu simu kwa simu, kwa Xender au Bluetooth. Duka halikupitiwa, basi halina la kujibu, na jirani anaonekana kama mgeni aliyetoka hewani. Ukiona wengi wanaingia bila alama ilhali viungo vinabonyezwa sana, shuku hilo kwanza. Dawa yake ni kisanduku cha kuandika alama kwa mkono. Ndiyo maana ni fupi, na haina O, 0, I, 1 wala L, ambazo hukosewa zikisomwa kwa sauti barabarani. Herufi na tarakimu 31 zilizobaki, zikipangwa sita sita, zinatoa alama zaidi ya milioni 887.

Zawadi nayo ina mtego wake. Ukitoa mega kwa kila anayejisajili, mtu mwenye kadi tatu za simu atajialika mara mbili kabla ya chai. Utamtambua: usajili umefuatana kwa dakika chache kwenye simu ileile, na akaunti hizo hazifunguliwi tena. Subiri mpaka mgeni alipe mchango wake wa kwanza na kiongozi wa kikundi authibitishe, ndipo wote wawili wapewe. Mwizi wa mega hatachangia likelemba kwa kadi ya pili ili apate kitu kidogo kuliko alichotoa. Kwa jirani wa kweli ni suala la kungoja siku ya mchango tu, na siku hiyo mama atakuwa anamgojea pia.