Maji Ndiyo Yanayoamua

Mwanafunzi wa kemia wa kidato cha tano au cha sita huifahamu rangi hii vizuri. Dikromati ya potasiamu iliyotiwa asidi ya sulfuriki ina rangi ya machungwa, na ikipashwa moto pamoja na ethanoli hugeuka kijani. Mwalimu humwambia kwamba ethanoli imekuwa ethanali, kisha ethanali ikawa asidi ya ethanoiki. Akitaka kuipata ethanali yenyewe, aache mvuke wake utoke kwenye chupa mara tu inapoundwa, kwa kuwa inachemka kwenye nyuzi 21 tu, wakati ethanoli inahitaji nyuzi 78.

Ujanja huo unafaa kwa molekuli ndogo zinazoruka upesi. Kwa molekuli yenye kaboni kumi hausaidii kitu, maana aldehidi na alkoholi yake huchemka katika joto linalokaribiana, na zote mbili hubaki chupani pamoja na kromi. Hapo ndipo swali la kweli linapoanza: kwa nini aldehidi isisimame palepale ilipofikia? Vitabu vingi hujibu kwamba asidi ya kromi ni kali mno, na kwamba dawa iwe pole zaidi. Naliona jibu hilo kuwa pungufu, kwa sababu halimsaidii mtu kutabiri lolote. Inafaa tufuate hatua za molekuli moja baada ya nyingine.

Kwanza, oksijeni ya alkoholi hujishika kwenye atomu ya kromi, na kutoka hapo inaundwa esta ya kromati. Kisha haidrojeni iliyokuwa juu ya kaboni ileile yenye oksijeni inang'olewa. Elektroni mbili zilizokuwa zikiishikilia zinahamia kati ya kaboni na oksijeni na kuwa kifungo cha pili, na zile zilizokuwa zikiunganisha oksijeni na kromi zinakwenda na kromi. Kromi iliyokuwa na hali ya +6 inashuka, na baada ya hatua nyingine za katikati inaishia kwenye +3, ambayo ndiyo kijani tunachokiona. Frank Westheimer na Nicholas Nicolaides walithibitisha sehemu ya pili mwaka 1949. Walichukua propan-2-oli, wakabadilisha haidrojeni hiyo moja kwa deuteri, ambayo ni nzito zaidi, na mmenyuko ukapungua kasi karibu mara saba. Isingekuwa hivyo kama haidrojeni ile haihusiki katika hatua inayoamua kasi.

Kwa hiyo kromi inahitaji vitu viwili vikutane kwenye kaboni moja: kundi la OH la kujishika nalo, na haidrojeni ya kung'oa. Alkoholi ya daraja la tatu haina haidrojeni hiyo, basi haiguswi. Ya daraja la pili ina moja tu, nayo ikishaondoka hubaki ketoni, ambayo haina kingine cha kutoa. Ya daraja la kwanza ina mbili. Baada ya ya kwanza kuondoka tuna aldehidi, na aldehidi bado ina haidrojeni moja, lakini haina OH. Ikiachwa hivyo, kromi haina pa kushika.

Sasa weka maji. Molekuli ya maji hujiongeza kwenye aldehidi, na kaboni iliyokuwa na oksijeni moja inakuwa na makundi mawili ya OH na haidrojeni yake ileile. Masharti yote mawili yametimia tena. Kromi inashika, inang'oa, na kinachobaki ni asidi kaboksili. Aldehidi hupotea kwa njia hii kwa sababu ilikutana na maji mbele ya kromi, hata pale kromi ilipokuwa kidogo.

Tuchukue alkoholi mbili zenye fomula moja, C10H20O, na uzito uleule wa molekuli, 156. Moja ni mentholi, ya daraja la pili, ile tunayoinusa kwenye dawa ya kuchua. Nyingine ni sitroneloli, ya daraja la kwanza, mojawapo ya harufu za waridi. Gramu 1.56 za kila moja ni milimoli 10.

Kwa mentholi, dawa ya Jones inatosha kabisa. Ewart Jones na wenzake waliieleza mwaka 1946, na kwa kawaida huandaliwa hivi: gramu 26.7 za trioksidi ya kromi katika mililita 23 za asidi ya sulfuriki nzito, kisha maji hadi ifike mililita 100. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina kromi ya kutosha milimoli 4 za alkoholi ya daraja la pili. Mentholi yetu inayeyushwa kwenye asetoni iliyopozwa kwa barafu, na dawa inatiwa tone kwa tone. Kila tone la machungwa likiingia hugeuka kijani, na chumvi za kromi hutuama chini kama ulimbo. Karibu na mililita 2.5 rangi ya machungwa inaanza kudumu. Hapo kazi imeisha. Tone moja au mawili ya propan-2-oli humaliza kromi iliyozidi, na ndani ya chupa kuna menthoni. Maji yaliyomo hayakudhuru chochote, kwa kuwa ketoni hata ikipata maji haina haidrojeni ya kupoteza.

Ukiifanyia sitroneloli vivyo hivyo, hesabu inabadilika. Ili yote ifike kwenye asidi ya sitroneliki inahitaji mara mbili ya dawa, yaani mililita 5. Mtu anaweza kufikiri kwamba akitia mililita 2.5 tu atasimama katikati na kupata aldehidi. Hapati. Aldehidi ikiundwa tu hunyakuliwa, na mwisho wake chupani kuna asidi, alkoholi ambayo haikuguswa, na aldehidi kidogo. Tena kuna kitu cha nne ambacho wengi hawakitarajii: esta iliyounganisha sitroneloli na asidi yake. Hiyo hutokea kwa sababu alkoholi iliyobaki nayo huweza kujiongeza kwenye aldehidi kama maji yanavyofanya, ikaacha OH moja na haidrojeni moja, na kromi ikaikamilisha. Dalili ni rahisi kuziona. Tikisa zao hilo ndani ya etha pamoja na maji ya bikabonati ya sodiamu. Likitoa mapovu, asidi ipo.

Dawa iliyobadilisha mambo kwa wengi ni PCC, yaani klorokromati ya piridiniamu, waliyoitangaza E. J. Corey na William Suggs mwaka 1975. Ni fuwele za rangi ya machungwa-manjano zinazopatikana kwa kuyeyusha trioksidi ya kromi katika asidi ya hidrokloriki na kuongeza piridini. Kromi yake ni +6 ileile. Tofauti ni kwamba inafanya kazi ndani ya dikloromethani iliyokaushwa, pasipo maji. Ndiyo maana nasema neno "pole" linapotosha. Ushahidi mzuri zaidi ni ndugu yake PDC, dikromati ya piridiniamu, ya mwaka 1979: katika dikloromethani huifikisha alkoholi ya daraja la kwanza kwenye aldehidi, na katika dimethilformamidi huifikisha ileile kwenye asidi. Dawa ni moja, kilichobadilika ni kiyeyusho.

Kwa sitroneloli yetu tunachukua gramu 3.2 za PCC, ambazo ni milimoli 15, mara moja na nusu ya alkoholi, katika mililita 20 hivi za dikloromethani. Lakini kabla ya kuchanganya kuna jambo la kushughulikia. PCC ina uasidi kidogo, na sitroneloli ina kifungo maradufu mwishoni mwa mnyororo wake. Aldehidi ikishaundwa mbele ya asidi, kifungo hicho hupinda na kuishika, na mnyororo unajifunga kuwa duara la kaboni sita, umbo lilelile la mentholi. Kinachotoka ni isopulegoli, ambayo ni alkoholi ya daraja la pili, na PCC iliyobaki inaigeuza ketoni. Corey na wenzake waliitumia njia hiyo kwa makusudi mwaka 1976 ili kutengeneza pulegoni. Anayetaka sitronelali huongeza asetati ya sodiamu kavu, gramu 0.25 hivi, inayonyonya asidi, na mnyororo unabaki wazi.

Saa moja na nusu au mbili zinatosha katika joto la chumba. Chupa inajaa lami ya kahawia inayoganda kwenye kuta na kumeza sehemu ya zao, basi watu huchanganya unga wa celite tangu mwanzo ili lami ishike huko, kisha huongeza etha na kuchuja. Harufu yenyewe hubadilika kutoka waridi kuwa ile ya majani ya mkaratusi wa limau, kwa kuwa sitronelali ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake. Lakini pua si kipimo. Katika mwanga wa infraredi mkanda mpana wa OH karibu na 3300 unatoweka na mwingine mkali unatokea karibu na 1725. Katika NMR haidrojeni ya aldehidi huonekana peke yake karibu na 9.7. Ikiwa 1700 na kitu ipo lakini 9.7 haipo, mnyororo umejifunga.

Kromi yenyewe bado inabaki kuwa tatizo. Ile ya +6 husababisha saratani, na mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Ulaya, tangu Septemba 2017, kiwanda hakiruhusiwi kutumia trioksidi yake bila kibali maalumu. Ndipo njia zisizo na metali zinapoingia. Ya Swern, iliyochapishwa na Kanji Omura na Daniel Swern mwaka 1978, hutumia dimethili salfoksidi iliyoamshwa na kloridi ya oksalili. Kwa milimoli 10 za sitroneloli: milimoli 11 za kloridi, 22 za salfoksidi, nyuzi 78 chini ya sifuri, kisha alkoholi, na baada ya robo saa milimoli 50 za triethilamini. Salfa hujishika kwenye oksijeni mahali ambapo kromi ingeshika, na besi ndiyo inayoanzisha kung'oa haidrojeni. Maji hayamo, na aldehidi haina tena OH ya kushikwa. Joto likipanda kupita nyuzi 60 chini ya sifuri kabla alkoholi haijaingia, dawa inaharibika, na kinachopatikana ni etha yenye salfa badala ya aldehidi. Dimethili salfidi inayotoka inanuka vibaya sana, na pamoja nayo hutoka monoksidi ya kaboni, basi kazi ifanyike ndani ya kabati lenye feni.

Kanuni ya maji ina mpaka wake. Dawa ya Daniel Dess na James Martin ya mwaka 1983, yenye iodini ya hali ya +5, huenda kasi zaidi ikitiwa maji kidogo, na bado husimama kwenye aldehidi. Basi usiipeleke kanuni hii nje ya kromi bila kuangalia.

Kwa alkoholi ya daraja la pili isiyo na sehemu dhaifu, Jones bado ni njia ya haraka na rahisi kupita zote, mradi kuna mahali pa kuyatunza mabaki. Kwa ya daraja la kwanza inayotakiwa kusimama kwenye aldehidi, ningechagua Swern nikiwa na barafu kavu, na Dess na Martin nikiwa sina. PCC ningeiacha iwe ya mwisho.